Nywele husimulia ya miezi mitatu iliyopita: Thairoidi inapoyumba baada ya uzazi

*Tezi iliyo shingoni inaweza kuzidisha kazi, kisha ikazembea, kwa mwanamke yuleyule na katika mwaka uleule. Nywele hutoka katika hali zote mbili. Makala hii inaeleza sababu, na kwa nini kichwa, ngozi na kucha visomwe kwa kalenda.*

Msusi amemaliza kufumua rasta. Anapitisha kitana kutoka utosini hadi kisogoni, na kitana kinarudi na fungu la nywele. Anapitisha upande wa pili, linatoka fungu jingine. Mteja wake ana miaka 31, na mtoto wake wa miezi minne amelala pembeni ndani ya khanga.

Msusi anasema ni uzazi, zitarudi zenyewe. Mteja aliye kiti cha pili anasema ni rasta, zilibana mno. Wa tatu anafungua mkoba na kumwonyesha kopo la vidonge vya nywele na kucha ambavyo anasema vilimsaidia sana.

Wote watatu wana hoja. Lakini hakuna aliyemuuliza mama huyu kama moyo wake umekuwa ukienda mbio, kama anatoka jasho wakati wenzake wanaona baridi, au kama mwili umepungua ingawa anakula vizuri. Angeulizwa, angejibu ndiyo mara tatu.

Mama huyu ni wa mfano. Nimemuunda ili tufuatilie ugonjwa mmoja hatua kwa hatua, lakini mlolongo wa yanayompata ndio huohuo unaoelezwa katika vitabu vya tiba: uvimbe wa tezi ya thairoidi baada ya kujifungua. Nimeuchagua ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa yote ya tezi hiyo kwa sababu unaweza kumpitisha mgonjwa mmoja katika pande zote mbili, wa homoni kuzidi na wa homoni kupungua. Anayeuelewa hatashangaa tena kwamba pande hizo zinazopingana humwaga nywele zilezile.

## Tezi inayovuja, kisha inakauka

Tezi ya thairoidi, ambayo vitabu vyetu huiita pia tezi dundumio, imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoziambia seli za mwili zifanye kazi kwa kasi gani. Tofauti na tezi nyingine nyingi za homoni, hii huweka akiba kubwa. Homoni iliyokwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa ndani yake inaweza kutosha kwa wiki nyingi hata utengenezaji ukisimama.

Akiba hiyo ndiyo chanzo cha kisa chetu. Wakati wa ujauzito kinga ya mwili hulegezwa kwa namna fulani ili imvumilie mtoto. Baada ya kujifungua hurudi na nguvu zake, na kwa baadhi ya wanawake huigeukia tezi ya thairoidi. Wengi wao tayari walikuwa na antibodi dhidi ya tezi hiyo bila kujua.

Tezi ikishambuliwa, kuta za vihifadhi vyake hupasuka na akiba humwagika kwenye damu. Homoni huzidi. Kwa kawaida hatua hii huja kati ya mwezi wa 1 na wa 6 baada ya kujifungua. Haidumu, kwa sababu hakuna homoni mpya inayozidi kutengenezwa: kinachomwagika ni kile kilichokuwa ghalani. Akiba inapokwisha huku tezi bado imejeruhiwa, homoni hupungua. Hatua hii ya pili mara nyingi huonekana kati ya mwezi wa 4 na wa 8, na kwa wengi tezi hupona kufikia mwaka mmoja. Wapo wanaopita hatua moja tu kati ya hizi mbili, na wapo ambao tezi yao haiponi tena.

Mwaka 1948 daktari mmoja wa New Zealand, H. E. W. Roberton, aliandika kuhusu wanawake waliobaki wamechoka na kuzubaa miezi kadhaa baada ya kujifungua, na akaeleza kwamba walipata nafuu alipowapa dawa iliyotokana na tezi ya thairoidi. Taarifa yake haikuzingatiwa sana. Ilichukua hadi miaka ya 1970, hasa kwa utafiti wa Nobuyuki Amino na wenzake nchini Japani, ndipo ugonjwa huu ukaeleweka kuwa ni shambulio la kinga. Leo hukadiriwa kuwapata wanawake wapatao 5 katika kila 100 wanaojifungua, ingawa kiwango hutofautiana kati ya nchi na nchi.

> Tezi haitengenezi homoni nyingi kupita kiasi. Inavujisha ile iliyokuwa imehifadhiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa ipi itolewe na ipi isitolewe.

## Kwa nini nywele hutoka pande zote mbili

Kila unywele una ratiba yake. Hukua kwa miaka kati ya miwili na sita, hupita kipindi kifupi cha wiki chache cha kusitisha ukuaji, kisha hupumzika kwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kung'oka na kuupisha mwingine. Kichwa chenye afya ni kama shamba ambalo kila shina limepandwa siku yake: wakati wowote sehemu kubwa, takriban tisa kati ya kumi, inakua, na ni chache tu zinazosubiri kuanguka. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida na hakuonekani.

Homoni za thairoidi hufanya kazi moja kwa moja kwenye mashina ya nywele. Huchochea seli zigawanyike na huusaidia unywele kubaki katika kipindi cha kukua.

Homoni zikipungua, shina lililopumzika huchelewa kuanza upya. Unywele wa zamani umeshaanguka, mpya haujaja, na kichwa kizima hupungua taratibu. Nywele zinazobaki huwa kavu, ngumu na zinazokatika upesi, kwa sababu tezi za mafuta ya ngozi nazo zimezembea.

Homoni zikizidi, mambo huharibika kwa njia nyingine. Mwili unaendeshwa kwa kasi isiyo ya kawaida, ratiba ya shina inavurugika, na nywele nyingi hufupishiwa kipindi cha kukua na kuingia mapumzikoni kwa pamoja. Zinazoota huwa nyembamba na laini mno.

Kwa hiyo kuna makosa mawili tofauti, la kuchelewa kuanza na la kuwahi kumaliza, na yote mawili huishia pamoja: nywele nyingi zaidi ya kawaida ziko katika kipindi cha mapumziko. Kitana hakiwezi kutofautisha. Mkono unaweza kidogo, kwa kuwa nywele za upungufu huwa ngumu na za uzidifu huwa laini. Ila nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha au kusukwa kwa miaka mingi huificha tofauti hiyo.

Tuangalie pia muda. Unywele ulioingia mapumzikoni leo utaanguka baada ya miezi miwili au mitatu. Anayemwaga nywele mwezi wa nne baada ya kujifungua anaona matokeo ya jambo lililotokea mwezi wa kwanza au wa pili, na pengine siku yenyewe ya kujifungua. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu uzazi wenyewe, bila ugonjwa wowote, huzipeleka nywele nyingi mapumzikoni. Ujauzito ulikuwa umezizuia zisianguke kwa wakati wake, na baada ya kujifungua homoni za ujauzito hushuka ghafla.

> Kumwagika kwa nywele kwa kawaida ya uzazi na hatua ya kwanza ya ugonjwa wa thairoidi huja karibu wakati mmoja. Nywele peke yake haziwezi kuvitenganisha.

Msusi alikuwa sahihi, basi, kwamba uzazi humwaga nywele. Ila unywele hausemi kama uzazi ulikuwa peke yake.

## Ngozi: hapa pande mbili zinaachana

Nywele huwa na ushahidi wa aina moja kwa hali mbili. Ngozi ni mkweli zaidi, na tena haichelewi sana.

Homoni zikizidi, mishipa midogo ya damu kwenye ngozi hutanuka na tezi za jasho hufanya kazi kupita kiasi. Ngozi huwa ya moto, laini na yenye unyevu, hasa viganjani. Wengine huwashwa mwili mzima bila upele.

Homoni zikipungua, kila kitu hurudi nyuma. Mishipa hubana, damu hupungua kwenye ngozi, na mkono huwa wa baridi. Tezi za jasho na za mafuta huzembea. Seli za juu za ngozi hazipukutiki vizuri, hulimbikizana na kuifanya iwe ngumu. Kwa ngozi nyeusi hali hii huonekana kama mpauko mweupe, zaidi kwenye miundi, viwiko na visigino, na haiondoki kwa mafuta ya kawaida kama ilivyokuwa ikiondoka zamani.

Vitabu vingi vya udaktari vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vikitaja wekundu wa mgonjwa aliyezidiwa homoni na weupe wa aliyepungukiwa. Kwa watu wetu dalili hizo hupotea kirahisi. Kinachosaidia zaidi ni kumshika mgonjwa mkono na kutazama viganja na nyayo. Viganja vinaweza kuwa na rangi ya njano kwa mtu aliyepungukiwa homoni, kwa sababu mwili wake hauigeuzi vizuri rangi ya karoti, maembe na mboga kuwa vitamini A. Tofauti na ugonjwa wa manjano, weupe wa macho hubaki mweupe.

Upungufu ukidumu bila tiba, sukari fulani zinazovuta maji hujikusanya ndani ya ngozi. Uso huvimba, hasa kope za macho, na ukibonyeza kwa kidole hapabaki shimo. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle nchini Uingereza, alianza kumchoma mwanamke wa miaka 46 mwenye hali hiyo sindano za maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Uvimbe ulipungua, na ngozi iliyokuwa kavu ikaanza tena kutoa jasho. Mwanamke huyo aliendelea na dawa ya tezi na akaishi miaka 28 zaidi. Huo ndio ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba ngozi ile haikuwa imekufa, ilikuwa inasubiri homoni.

Je, vipi kuhusu mgonjwa mwenye homoni zilizozidi anayelalamika kwamba ngozi yake ni kavu? Yupo, na malalamiko yake yanahitaji kuchunguzwa kuliko kupuuzwa. Mara nyingi anakuwa amekwisha kuvuka upande wa pili. Labda tezi imemaliza akiba yake, kama katika kisa chetu, au dawa ya kuipunguza kasi imezidi kipimo, au alipewa tiba ya madini joto yenye mionzi na tezi sasa imezimika. Cheti cha maabara cha miezi mitatu iliyopita kinasema homoni zimezidi, lakini ngozi inaeleza hali ya sasa. Ngozi inapobadilika kutoka majimaji kwenda ukavu, kipimo kirudiwe.

## Kucha zina tarehe

Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na huchukua kama miezi sita kutoka kwenye shina hadi ncha. Wa mguu huchukua mwaka au zaidi. Kwa hiyo ukucha ni kumbukumbu inayoweza kupimwa kwa rula. Mfereji au udhaifu ulio milimita 12 kutoka kwenye shina ulitengenezwa kama miezi minne iliyopita.

Homoni zikipungua, ukucha hukua polepole, huwa mwembamba, wenye mistari, na hupasuka au kubanduka matabaka kwenye ncha. Zikizidi, ukucha hukua haraka lakini laini, na unaweza kuachana na nyama iliyo chini yake kuanzia nchani. Mara nyingi huanza kidole cha pete. Uchafu huingia katika pengo hilo, na mgonjwa hudhani ni fangasi. Tena tunaona sababu mbili zenye tokeo moja: ukucha dhaifu, ama kwa kutengenezwa kwa kuzembea, ama kwa kutengenezwa kwa pupa.

Tahadhari moja ni muhimu. Mama mwenye mtoto mchanga hushinda akifua na kuosha vyombo, na mikono inayoloweshwa na kukaushwa mara nyingi hupasuka kucha hata thairoidi ikiwa salama. Atazame kucha za miguu, ambazo hazikutani na sabuni kwa kiasi hicho. Za miguu zikiwa imara na za mikono zikipasuka, maji na sabuni ndivyo vya kushukiwa kwanza.

## Kidonge cha nywele kinachodanganya maabara

Turudi kwa mama yetu. Alinunua vile vidonge alivyoonyeshwa. Kopo linasema kila kimoja kina maikrogramu 10,000 za biotini, vitamini ambayo mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 30 tu kwa siku. Kwa asiye na upungufu wa biotini, na upungufu huo ni nadra, ushahidi kwamba vidonge hivyo huotesha nywele ni mdogo sana.

Wiki mbili baadaye, moyo ukizidi kumwenda mbio, alikwenda hospitali. Wingi wa damu ulikuwa wa kawaida. Kipimo cha TSH kilitoka 0.01. Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4 kuwa kawaida.

TSH si homoni ya thairoidi. Ni amri inayotoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiambia thairoidi ifanye kazi. Homoni zikizidi, pituitari hunyamaza na TSH hushuka. Zikipungua, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Kwa hiyo namba ndogo ya TSH humaanisha homoni nyingi, na namba kubwa humaanisha homoni chache.

Kipimo cha T4 nacho kilisoma juu sana. Kwa karatasi hiyo peke yake angeweza kuandikiwa kabimazoli, dawa ya kuzuia thairoidi isitengeneze homoni, kwa kudhaniwa ana ugonjwa wa Graves, ambao ndio sababu kubwa ya thairoidi kuzidi.

Daktari aliuliza swali moja kabla ya kuandika: unatumia dawa au vidonge gani vingine? Mama akatoa kopo.

Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kemikali zake kushikilia homoni inayopimwa. Damu ikiwa na biotini nyingi kutoka kwenye kidonge, mfumo huo huvurugika. Katika mashine za aina hiyo TSH husomeka chini ya ukweli na T4 husomeka juu ya ukweli. Hata kipimo cha antibodi za Graves kinaweza kusomeka kuwa zipo wakati hazipo. Mtu mwenye thairoidi nzima kabisa anaweza kuonekana kwenye karatasi kama mgonjwa wa Graves. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya biotini na vipimo vya maabara mwaka 2017, ikairudia mwaka 2019.

> Kidonge kinachonunuliwa kwa sababu ya nywele na kucha kinaweza kuharibu kipimo kilekile ambacho kingeeleza kwa nini nywele na kucha zimeharibika.

Ushauri wa wataalamu wa thairoidi ni kusimamisha biotini angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Aliyekuwa akitumia dozi kubwa sana huambiwa asubiri zaidi. Mama yetu aliambiwa asimame wiki moja. Kipimo cha pili kilionyesha TSH 0.06 na T4 iliyozidi kidogo tu. Ugonjwa ulikuwepo kweli, lakini mdogo kuliko ulivyoonekana, na antibodi za Graves hazikuwepo. Macho yake hayakuwa yametokeza na shingo haikuwa na uvimbe mkubwa.

Hiyo ilikuwa thairoidi inayovuja. Kabimazoli isingesaidia chochote, kwa kuwa dawa inayozuia kutengeneza haiwezi kuzuia kinachomwagika kutoka ghalani. Badala yake ingeweza kumwongezea madhara ya dawa yenyewe, yakiwemo vipele na hata nywele kutoka zaidi. Alipewa propranololi kwa wiki chache ili kutuliza moyo, dawa inayotumika kwa wanaonyonyesha ila isiyofaa kwa mwenye pumu. Akapangiwa kurudia kipimo baada ya wiki sita.

## Mwezi wa nane: tiba imeanza, nywele bado zinatoka

Alipojisikia nafuu aliacha kurudi, kama wengi wanavyofanya. Mwezi wa nane ndio uliomrudisha. Sasa alikuwa anaona baridi, choo kigumu, usingizi haumwishi, miundi imepauka, na kucha zinapasuka zikinaswa na nguo. TSH ilikuwa 31, na T4 ilikuwa chini ya kawaida.

Alianza levothairoksini, homoni ileile ya T4 iliyotengenezwa kiwandani. Ni salama kwa anayenyonyesha. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au uji. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu, ambavyo kina mama wengi hupewa, huizuia isiingie mwilini, hivyo viachane nayo kwa saa nne. Kosa hili dogo la kumeza vyote pamoja asubuhi hufanya dozi sahihi ionekane haifanyi kazi.

Baada ya wiki saba TSH ilikuwa 2.8. Ngozi ilikuwa ya kwanza kurudi: mikono ikapata joto na mpauko ukaanza kupungua. Lakini nywele ziliendelea kutoka, na kwa siku kadhaa zilionekana kutoka zaidi. Hapa ndipo wagonjwa wengi hutupa dawa, wakidhani ndiyo inayowamaliza.

Turudi kwenye kalenda. Nywele zilizoanguka wiki ile ziliingia mapumzikoni miezi miwili au mitatu nyuma, wakati homoni zake zilikuwa chini kabisa. Zilikuwa zimekwisha kupangiwa kuanguka kabla hajameza kidonge cha kwanza. Tena shina linaloamka na kuanza kuotesha unywele mpya husukuma nje ule wa zamani, kwa hiyo sehemu ya kinachoanguka ni dalili ya kupona. Dozi iliyozidi nayo inaweza kumwaga nywele, kwa kuwa humrudisha mgonjwa upande wa uzidifu. Jibu la kuamua ni TSH, si kitana.

Unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Miezi mitatu baada ya homoni kutulia, vinywele vifupi vya sentimita mbili au tatu vilianza kuonekana kwenye paji la uso. Unene wa kawaida wa nywele huchukua miezi sita hadi mwaka. Ukucha mzuri ulisogea kutoka kwenye shina milimita tatu kwa mwezi, ukiusukuma ule mbovu mbele hadi ukatwe.

Baada ya mwaka hivi wa tiba daktari hujaribu kuipunguza dawa ili kuona kama tezi imesimama yenyewe. Jaribio hilo halifanywi kwa mwanamke mjamzito au anayetafuta ujauzito. Hata aliyepona kabisa apimwe TSH kila mwaka, kwani baadhi hurudi kwenye upungufu wa kudumu miaka kadhaa baadaye, na ugonjwa huu hurudi mara nyingi baada ya uzazi unaofuata.

## Si kila kichwa kinachopukutika ni thairoidi

Yule mteja wa pili pale saluni aliyezilaumu rasta anastahili kujibiwa. Nywele zinazovutwa na msuko hutoka kandokando, kwenye paji na juu ya masikio. Za thairoidi na za uzazi hupungua kichwa kizima. Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kabisa ni shambulio jingine la kinga, na huwapata zaidi watu wenye ugonjwa wa kinga wa thairoidi, ila tiba yake ni tofauti.

Kuna uchunguzi mwepesi ambao msusi yeyote anaweza kuufanya. Achukue nywele zilizobaki kwenye kitana na atazame ncha ya upande wa ngozi. Yenye kinundu kidogo cheupe imeng'oka baada ya mapumziko, na mara nyingi sababu iko ndani ya mwili. Isiyo na kinundu, yenye ncha iliyochanika, imekatika, na mara nyingi wa kulaumiwa ni dawa ya kunyoosha, joto au msuko. Upungufu wa thairoidi unaweza kuleta zote mbili, kwa kuwa hukausha unywele pia, lakini vinundu vikiwa vingi ni sababu ya kumwambia mteja akapime.

Upungufu wa madini ya chuma nao huja sana baada ya uzazi na huenda sambamba na nywele kutoka. Kwa hiyo kipimo cha TSH kisitengwe na kipimo cha wingi wa damu.

## Nani apimwe?

Hapa wataalamu wenyewe hawako upande mmoja. Wanaotaka kila mama apimwe husema dalili zinafanana mno na uchovu wa kawaida wa kulea, na kwamba upungufu usiogunduliwa huweza kuonekana kama sonona ya baada ya uzazi. Zaidi ya yote, mwanamke anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado hana homoni za kutosha, na mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama katika miezi ya mwanzo ya kujengwa kwa ubongo. Mimba yenyewe nayo huwa katika hatari zaidi ya kutoka.

Wanaopinga kuwapima wote husema wengi wa wagonjwa hawa hupona bila tiba, kipimo kina gharama, na majibu yanayotafsiriwa vibaya katika hatua ya kwanza huwaingiza wanawake kwenye dawa wasizohitaji. Miongozo mikubwa ya kimataifa haipendekezi kupima kila mama. Inapendekeza kuwapima walio hatarini: mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyewahi kupata tatizo hili katika uzazi uliopita, mwenye antibodi za thairoidi, na mwenye ugonjwa mwingine wa kinga.

Naona hoja ya gharama ni ya kweli. Lakini kati ya kumpima kila mtu na kutomuuliza mtu kuna nafasi kubwa ambayo haitumiki. Tanzania ina ratiba ya chanjo inayomleta mama kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9. Wiki ya 14 iko ndani ya kipindi ambacho tezi huvuja. Mwezi wa 9 uko mara tu baada ya kipindi ambacho upungufu hujitokeza zaidi. Mama huja mwenyewe, kwa siku iliyopangwa, na mara nyingi anayepimwa uzito ni mtoto peke yake.

Wiki ya 14 aulizwe kuhusu moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka na mwili kupungua. Mwezi wa 9 aulizwe kuhusu baridi, ngozi iliyokauka kuliko zamani, choo kigumu, kucha na uchovu usioisha kwa kulala. Muuguzi amshike mkono ahisi kama ni wa moto na majimaji, au wa baridi na mkavu. Mwenye dalili mbili au tatu pamoja na nywele zinazotoka kichwa kizima, au aliye katika kundi la hatari, apimwe TSH na T4 baada ya kuulizwa kama anameza biotini.

Na mama ambaye nywele bado zinamtoka mtoto anapotimiza mwaka asiambiwe tena kwamba ni uzazi. Kumwagika kwa kawaida kwa nywele za uzazi huwa kumekwisha kufikia wakati huo. Kinachoendelea kina sababu nyingine, na kuitafuta kuanze na bomba moja la damu.